Nukuu kamili, taarifa au kipande: mhariri anavyoamua

Mwandishi akiniletea habari yenye nukuu saba mfululizo, najua alichofanya: amechapa alichorekodi kisha akaweka "aliongeza kusema" katikati. Nukuu ikitumika kila mahali haina uzito tena. Hivyo kazi yangu ya kwanza mezani ni kuamua maneno gani yabaki kama yalivyotoka mdomoni mwa mtu, yapi niyasimulie kwa maneno yetu, na yapi niyadokoe kidogo tu.

Tuchukue mfano niliotunga mwenyewe, ila ni wa aina tunayoipata kila msimu wa korosho. Mkulima anasimama kwenye mkutano wa chama cha msingi na kusema:

"Sisi wakulima, eeh, ile hela ya korosho hatujaiona mpaka leo. Hii maghala iko na mzigo wetu toka mwezi wa kumi. Tunaambiwa tungoje mnada mwingine, mnada gani sasa? Huu ni wizi wa kalamu. Mimi nasema wasipotulipa, mzigo wetu tutautoa wenyewe, turudi nao nyumbani."

Sentensi mbili za mwanzo ni taarifa. Mzigo upo ghalani tangu Oktoba na malipo hayajafika. Hayo yanathibitika: stakabadhi ya ghala ina tarehe, na chama kina orodha ya waliolipwa na wasiolipwa. Jambo linalothibitika tunalithibitisha na kulisema sisi, tena kwa kifupi. Ukiliacha ndani ya nukuu bila kulikagua, msomaji hajui kama ni kweli au ni hasira za mzee.

Sentensi ya mwisho ni jambo jingine kabisa. Kesho asubuhi kuna kiongozi ataijibu, pengine na polisi watauliza. Hapo naweka maneno yote, neno kwa neno. Mwandishi mwenye haraka angeandika kuwa mkulima "alitishia kuvunja ghala". Hakusema kuvunja. Alisema kuutoa, na aliweka sharti: wasipotulipa. Kauli inayoweza kumfikisha mtu pabaya haifai kusimuliwa kwa maneno ya mwandishi, maana kila kitenzi tunachochagua kinaongeza au kupunguza kosa.

Halafu kuna "wizi wa kalamu". Maneno matatu hayo yana ladha yake, na sisi hatuwezi kuyasema kwa sauti yetu kwa sababu ni tuhuma. Hapa ndipo kipande kinapofaa: Mkulima huyo aliuita utaratibu huo "wizi wa kalamu". Lakini asidhani mtu kwamba fungua semi na funga semi zinamkinga. Gazeti likirudia tuhuma dhidi ya mtu anayetambulika, limeisema, hata kama limemtaja aliyeianzisha. Kwa hiyo chama nacho kitafutwe kijibu, na jibu lake likae karibu.

Vipande ndivyo vinavyotutesa zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Kitenzi chetu kimebeba mtenda ndani yake. Angalia sentensi hii, ambayo sura yake utaikuta magazetini kila wiki: Alisema kuwa wasipolipwa "mzigo wetu tutautoa wenyewe". Imeanza kwa kauli ya taarifa, ikaruka katikati kwenda kauli halisi. Kwa kusoma haraka, "wetu" ni wa gazeti. Wengine hujaribu mabano ya mraba na kuandika "mzigo [wao wa]tautoa wenyewe", na sentensi inakuwa kama fomu ya mahakama. Wengine hubadili kiambishi kimyakimya ndani ya alama, na hapo si nukuu tena.

Dawa yake si ngumu. Ukitumia "kuwa" au "kwamba", usimulie mpaka mwisho: Alisema kuwa wasipolipwa watautoa mzigo wao wenyewe. Ukitaka maneno yake, weka nukta pacha, fungua semi na uache sentensi nzima. Kudokoa tuziachie nomino na sifa, yaani maneno yasiyo na nafsi ndani yake, kama "wizi wa kalamu". Nikiona kipande kinaanza na ni-, tu- au wa-, nakirudisha kwa mwandishi.

Kuna upande wa pili wa kiambishi hicho, na huu huwashangaza vijana. Wakati mwingine usimulizi ndio unaopoteza maana. "Mwenyekiti alisema amemweleza meneja kuwa atafukuzwa." Nani atafukuzwa, mwenyekiti au meneja? Kiswahili hakisemi. Hapo rudi kwenye nukuu: "Nimemwambia meneja, utafukuzwa." Imekwisha.

Sasa sarufi. "Hii maghala iko na mzigo" ingepaswa kuwa "maghala haya yana mzigo". Je, nirekebishe? Shirika la habari la AP la Marekani limeweka msimamo mkali kwenye mwongozo wake: usibadili nukuu, hata kwa kosa dogo la sarufi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa na mkono laini zaidi mwaka 1991, katika kesi ya Jeffrey Masson dhidi ya jarida la New Yorker: ilisema kubadili maneno peke yake hakutoshi kuthibitisha uongo wa makusudi, isipokuwa badiliko hilo limegeuza maana kwa kiasi cha kuonekana. Hicho ni kipimo cha mahakama, nacho kinakwambia wapi utashtakiwa. Hakikwambii nini ni uungwana.

Mimi nasimama karibu na AP, kwa njia hii. "Eeh" naitoa, maana ni pumzi. Sentensi yenye ngeli iliyopotea, kama haina uzito, naisimulia, na kosa linaondoka lenyewe. Ndivyo ilivyotokea kwa maghala yetu. Ikiwa na uzito, naiacha kama ilivyo. "Hela" siigeuzi kuwa "fedha". Mkulima hakuzungumza kama hotuba ya bajeti, na kumsemesha hivyo ni kumvisha suti asiyoiomba.

Usawa ndio shida halisi. Nimeona kurasa ambazo waziri kanyooshewa ngeli zote na mama muuza samaki kaachiwa zake, tena habari moja. Ama wote wanyooshewe, ama wote waachwe.

Matamshi ni suala jingine. Msemaji anayebadilisha r na l akisema wananchi watapiga "kula", mimi naandika kura. Hajakosea neno, ulimi ndio umepita hapo, na kuandika lafudhi ni kumcheka. Vilevile lahaja si kosa: mtu wa Mombasa akisema "yuaja", au wa Zanzibar akisema "nnakwenda", sigusi. Msomaji wa Mwanza ataelewa, na asipoelewa, sentensi inayofuata itamsaidia.

Na kama mkulima yule alizungumza Kimakonde, kijana mmoja akamtafsiria? Basi Kiswahili kilichovunjika, kama kimevunjika, ni cha mkalimani. Hapo nasimulia karibu kila kitu na kusema wazi kuwa alizungumza kupitia mkalimani. Ile kauli ya kuutoa mzigo, kwa kuwa ina hatari, nampelekea kwanza mtu mwingine anayeijua lugha hiyo asikilize rekodi. Akiniambia alisema "tutauchukua", naandika hivyo, kwa Kiswahili fasaha. Hakuna heshima yoyote katika kumpa mzee makosa ya lugha ambayo hakuizungumza.