Ufa wa milimita 3 ulioangusha daraja zima

Wanafunzi ninaowafundisha ukaguzi wa miundo ya chuma huniuliza sana swali hili: daraja limesimama miaka karibu 40, linavunjikaje ghafla kwa ufa usiozidi kina cha milimita 3? Huwa nawajibu kwa habari ya Silver Bridge, daraja la Mto Ohio huko Marekani, kati ya Point Pleasant ya jimbo la West Virginia na ng'ambo ya jimbo la Ohio. Lilifunguliwa mwaka 1928. Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, likiwa limejaa foleni ya magari, liliporomoka lote kwa muda wa kama dakika moja, watu 46 wakafa.

Daraja hilo lilining'inizwa kwa minyororo badala ya nyaya. Kila kiungo cha mnyororo kilikuwa na mapande mawili tu ya chuma, upana kama sentimita 30 na unene kama 5, kila pande likiwa na tundu kila mwisho la kupitishia pini. Ufa ulianzia ukingoni mwa tundu mojawapo, ndani kabisa ya kiungo, mahali ambapo kutu na mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo dogo la chuma, vilikuwa vikifanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Ukingo wa tundu ndipo mkazo unapojikusanya. Nguvu inayopita kwenye pande lazima ilizunguke tundu, kwa hiyo inasongamana pembeni mwake. Ufa ukishazaliwa hapo, ncha yake ni kali kuliko tundu lolote, na msongamano unazidi. Muuza vitambaa hulijua jambo hili: hakati mita nzima kwa mkasi, anachanja kidogo ukingoni kisha anavuta kwa mikono.

Ukali wa hali kwenye ncha ya ufa tunaupima hivi:

```
K = 1.12 × σ × √(π × a)
```

Hapa σ ni mkazo kwa megapaskali, yaani MPa, na a ni kina cha ufa ulioanzia ukingoni, kwa mita. Kila chuma kina kikomo chake cha K, nasi tunakiita ushupavu. K ikiwa chini ya kikomo, ufa unatulia au unakua polepole. Ikikifikia, ufa unakimbia wenyewe, kwa sababu nishati iliyohifadhiwa kwenye chuma kilichovutwa inatosha kuupasua bila mzigo kuongezwa hata kilo moja.

Tufanye hesabu ya mkono, kwa tarakimu za mfano zinazofaa chuma kigumu cha zamani kwenye baridi. Ushupavu tuuweke 50 MPa√m, na mkazo ukingoni mwa tundu 500 MPa. Kina cha hatari kinatoka milimita 2.5 hivi. Sasa chukua chuma chenye ushupavu mara tatu, yaani 150, mkazo ukiwa uleule: kina cha hatari kinakuwa karibu milimita 23. Ushupavu mara tatu, ufa mara tisa. Umbo halisi la ufa hubadilisha kile kizidisho cha 1.12, na chuma kinachonyumbuka sana kabla ya kupasuka hakitii hesabu hii vizuri, lakini picha ni hiyo.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Chuma cha Silver Bridge hakikuwa dhaifu. Kilikuwa kimechomwa na kupozwa ili kiwe na nguvu zaidi, ndiyo maana wabunifu wakathubutu kukipa mkazo mkubwa na kutumia mapande machache. Lakini nguvu na ushupavu ni vitu viwili, na mara nyingi ukikipandisha kimoja kingine kinashuka. Baridi nayo hupunguza ushupavu wa chuma cha aina hiyo, na jioni ile joto lilikuwa karibu na kuganda.

Mabaki yalisimulia yenyewe. Upande mmoja wa tundu la pande, mpasuko ulikuwa bapa, chuma hakikuvutika karibu hata kidogo. Upande wa pili, uliobaki na mzigo wote, ulikuwa umepinda na kuvutika kabla ya kukatika. Pande la pili la kiungo likabaki peke yake, pini ikapinda mkao, likachomoka. Kama kiungo kingekuwa na mapande manne au zaidi, huenda habari ingeishia kwenye matengenezo.

Kwa kawaida ukaguzi hupangwa kwa kujua mambo mawili: ufa mdogo kabisa tunaoweza kuuona, na ufa wa hatari. Muda ambao ufa unachukua kukua kutoka ule hadi huu ndio tunaougawanya ili tupate nafasi zaidi ya moja ya kuukamata. Silver Bridge haikutoa muda huo. Ufa wa hatari ulikuwa mdogo mno, tena umefichwa ndani ya kiungo ambacho hakikaguliki bila kufunguliwa. Daraja pacha lake huko St. Marys, juu ya mto uleule, lilifungwa baada ya ajali. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba viungo vyake ni salama, na mwaka 1971 likabomolewa.