Kikomo cha sin x / x: yanayosemwa darasani na ukweli wake

Nikiwauliza wanafunzi wa S.6 hapa Jinja sin x / x inaelekea wapi x ikikaribia 0, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na kanuni ya L'Hôpital: "Mwalimu, difrenshieti juu, difrenshieti chini, jibu ni 1." Jibu ni sahihi, ila hoja haisimami. Utajuaje kwamba sin x ikidifrenshietiwa inatoa cos x? Ukianza mwanzo kabisa, unafika kwenye sin h / h na kukwama hapo hadi ujue kikomo chake. Ni sawa na kumleta mtoto awe shahidi wa kuzaliwa kwa mama yake.

Mchoro mmoja unatosha. Chora duara lenye kitovu O na nusu kipenyo 1. Weka nukta A na B kwenye ukingo, pembe kati ya OA na OB iwe x, ndogo na chanya. Kutoka A pandisha mstari wima juu ya OA mpaka ukutane na OB iliyorefushwa, pale paite T. Sasa kuna maumbo matatu, kila moja likiwa ndani ya linalofuata: pembetatu OAB, kipande cha duara kama cha chapati iliyokatwa, na pembetatu OAT. Maeneo yao yanapangika hivi:

½ sin x < ½ x < ½ tan x

Gawanya kote kwa ½ sin x, kisha pindua:

cos x < sin x / x < 1

cos x inapanda kuelekea 1, kwa hiyo kilichobanwa katikati hakina pa kwenda ila 1. Kwa x hasi uwiano haubadiliki, kwani alama mbili za kutoa zinafutana.

Wengine hudhani radiani ni mazoea tu. Hapana. Eneo la kile kipande ni ½ x kwa radiani peke yake. Kwa digrii ni πx/360, na kikomo kinakuwa π/180, karibu 0.01745. Kikokotoo kikikupa namba hiyo, angalia juu ya skrini: utakuta herufi D badala ya R.

Kosa linaloniuma zaidi ni kuweka 1 mahali pa cos x popote inapoonekana. Kwa (1 − cos x) / x² wanapata 0 juu na kuandika jibu 0. Lakini chini nako kunaisha, na suala ni nani anaisha haraka. Zidisha juu na chini kwa 1 + cos x:

(1 − cos x) / x² = (sin x / x)² · 1 / (1 + cos x)

Sehemu ya kwanza inakwenda 1, ya pili ½. Jibu ni ½. Jaribu x = 0.1 kwa radiani, utapata kama 0.49958. Ukiweka 0.00000001, vikokotoo vingi vitakuonyesha 0, kwa sababu cos x imeshakadiriwa kuwa 1 humo ndani kabla ya kutoa.