Barua ya Kwanza ya Mfasiri kwa Kampuni Inayoingia Soko la Nje: Dhana Potofu na Ukweli

Tuchukue mfano mmoja. Kampuni inayotengeneza vichujio vya maji vya nyumbani imetangaza kwamba itaanza kuuza Brazili, na mfasiri wa kujitegemea anayefasiri kutoka Kiingereza kwenda Kireno, ambaye kampuni hiyo haimfahamu, anataka kuiandikia.

Dhana: Tangazo likitoka, kazi yote ya tafsiri bado iko wazi.

Ukweli ni kwamba tangazo hutolewa maandalizi yakiwa yamefika mbali, na mara nyingi mikataba, hati za usajili na ukurasa wa mwanzo wa tovuti vimekwisha kufasiriwa. Kinachobaki nyuma ni maandishi ambayo mteja hukutana nayo baada ya kulipa, kama vile mwongozo wa kufunga kifaa, masharti ya dhamana, sera ya kurejesha bidhaa na majibu ya huduma kwa wateja, nayo hubadilika kila bidhaa inapobadilika. Mfasiri anayetaka kuyaona hayo hana budi kupita katika tovuti kama mnunuzi, tangu kuchagua bidhaa hadi hatua ya malipo, akiangalia ni wapi lugha inageuka. Katika mfano wetu, maelezo ya kichujio yako kwa Kireno, lakini sera ya kurejesha bidhaa bado ni ya Kiingereza. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu kifungu cha 31 cha sheria ya Brazili ya kumlinda mlaji, ya mwaka 1990, kinataka taarifa za bidhaa inayouzwa zitolewe kwa Kireno, na kifungu cha 49 kinampa anayenunua nje ya duka siku 7 za kughairi.

Dhana: Orodha ya makosa ya tovuti yao itathibitisha umahiri wangu.

Hili ndilo kosa ninaloliona kuwa la gharama kubwa kuliko yote, kwani anayepokea barua huenda ndiye aliyeiagiza tafsiri hiyo au aliyeiidhinisha, na mtu aliyeaibishwa na mgeni hatafuti kufanya naye kazi. Zaidi ya hayo, kinachoonekana kuwa kosa pengine ni uamuzi. Simu ya mkononi ina jina moja nchini Ureno na jina jingine nchini Brazili. Ukurasa wenye neno la Ureno unaweza kuwa uliandikwa kwa wateja wa Ureno tangu zamani. Kwa hiyo mfasiri huuliza, hahukumu, kama ifuatavyo:

> *Mada: Sera ya kurejesha bidhaa kwa wateja wa Brazili*
>
> Ndugu Meneja,
> Nimeona mnaajiri wahudumu wa wateja kwa ajili ya Brazili. Maelezo ya vichujio vyenu yanatumia msamiati wa Ureno, na sera ya kurejesha bidhaa ingali kwa Kiingereza. Je, mnakusudia kuwa na toleo la Brazili? Mimi ni mfasiri wa Kireno cha Brazili, na kazi yangu kubwa ni miongozo ya vifaa vya nyumbani. Hapa chini nimefasiri aya ya kwanza ya sera hiyo ili mwone mtindo wangu. Kama suala hili liko chini ya mwenzenu, nitashukuru mkinielekeza kwake.

Aya iliyofasiriwa huwekwa ndani ya barua yenyewe, kwa kuwa kiambatisho kutoka kwa mtu asiyejulikana huogopwa na hata huzuiwa na mifumo ya barua pepe. Barua haitaji vifungu vya sheria: mfasiri anavijua ili achague ukurasa wa kuzungumzia, lakini ushauri wa kisheria si kazi yake.

Dhana: Bei ya chini itamfanya mpokeaji asome barua.

Bei haiwezi kukadiriwa kwa uaminifu kabla ya kuona faili, idadi ya maneno, kiasi cha marudio na tarehe ya mwisho. Itajwe mfasiri akiulizwa.

Dhana: Idara ya rasilimali watu ndiyo ya kuandikiwa.

Idara hiyo huajiri watumishi, ilhali tafsiri hununuliwa na yule ambaye kazi yake inakwama bila tafsiri hiyo. Kwa sera ya kurejesha bidhaa, huyo ni msimamizi wa huduma kwa wateja au wa mauzo ya mtandaoni, na tangazo la kazi lenyewe mara nyingi hutaja cheo ambacho mwajiriwa mpya ataripoti kwake.

Dhana: Ukimya ni jibu la hapana.

Mara nyingi ukimya maana yake ni kwamba ukurasa huo haujafikiwa katika ratiba yao. Barua moja ya ukumbusho, baada ya wiki moja hivi, inatosha, mradi ilete jambo jipya, kwa mfano kwamba mwongozo wa kichujio kipya umewekwa kwenye tovuti kwa Kiingereza pekee. Baada ya hapo mfasiri asiandike tena mpaka tovuti yao ibadilike.