"Anajua mpaka kiasi nilicholizwa, huyu hawezi kuwa tapeli"

Hiyo sentensi nimeshachoka kuisikia. Mtu anaingia ofisini kwangu hapa Moshi mjini, hajakaa vizuri kashatoa simu, "wakili, huyu anayesema atanirudishia hela niliyotapeliwa ni wa kweli, kanitajia tarehe, kiasi, mpaka jina la ile kampuni." Sasa jamani, asijue vipi? Ama ni yule yule aliyekuliza mara ya kwanza karudi na laini nyingine, ama kauziwa namba yako. Matapeli wana orodha za watu waliokwisha kulizwa na wanauziana, maana mtu aliyetuma hela mara moja wanajua anatumika, halafu sasa hivi ana uchungu na ana haraka. Na wengine tunajianika wenyewe, unakomenti fesibuku "na mimi wamenipiga milioni tatu", namba yako ipo pale pale kwenye profaili, kesho yake unapigiwa unashangaa.

Kuna mama anauza mitumba Kiborloni (vitu viwili vitatu nimebadilisha asijulikane). Aliweka 3,400,000 kwenye ile michezo ya kuwekeza kwa simu, app ikafungwa. Miezi miwili baadaye anapigiwa na kijana mpole, shikamoo mama, sisi ni kitengo cha kurejesha fedha, anamsomea miamala yake yote mitatu moja baada ya nyingine. Mama akalia kwenye simu. Akatuma 120,000 ya kufungua faili. Akatumiwa linki, akifungua anaona jina lake na 3,400,000 yake imekaa pale na kitufe cha kutoa, akibonyeza inamwambia alipie kodi kwanza, 280,000. Akalipa. Ikaja "kibali", 350,000. Hapo ni 750,000 imeondoka na kurasa bado inaonyesha hela ipo! Ile namba kaiandika yeye mwenyewe tapeli, ni kama mimi nikuandikie milioni kumi kwenye daftari.

Nikamwambia mama nionyeshe meseji za muamala. Jina la aliyepokea ni la mtu binafsi, na lilitokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri, aliliona akadhani ni mhasibu wao. Malipo ya serikali yana kontroo namba, hakuna kodi inayotumwa kwenye laini ya mtu. Halafu kuna swali moja nawaambia wateja wangu wote waulize: kama hela yangu mnayo, kateni ada humo humo mnitumie inayobaki. Mama alikuwa ameuliza kweli, akajibiwa mfumo hauruhusu, na kuanzia hapo yule kijana mpole akageuka mkali, mara faili linafungwa saa kumi, mara mama unatuchelewesha.

Kuna wanaosema "kuna mtaalamu wa IT ataihaki irudi". Hapana. Hela ya simu ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuvuta. Kama ulituma USDT, ile hela ya kripto, ilikokwenda unaweza kuifuatilia na kuiona, ila kuiona siyo kuichukua, bila ufunguo wa ile waleti hairudi. Tether wenyewe wanaoitoa wanaweza kuifungia waleti, lakini wanasikiliza vyombo vya dola, siyo jamaa wa telegramu. Na akikuomba yale maneno 12 ya siri ya kufungulia waleti yako ujue anataka kilichobaki.

Halafu ile inayoniudhi mimi binafsi, "mbona hata nyie mawakili mnachukua hela mbele". Tunachukua, ndiyo, ni ya kazi na risiti unapata, na sikukupigia mimi, ulinifuata. Marekani anayekupigia akuuzie huduma ya kurejesha hela haruhusiwi kuchukua hata senti mpaka hela yako uipate na zipite siku 7 za kazi. Na usitulie kwa sababu kajiita wakili, FBI Juni 2024 walionya kuhusu mawakili feki wanaowafuata waliolizwa kwenye kripto. Hapa kwetu jina litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, kisha nenda ofisini kwake kwa miguu, maana jina la wakili halisi nalo linaazimwa.

Kurudi kwa mama, ile 350,000 alikuwa ametuma asubuhi ile ile, tukapiga huduma kwa wateja palepale, ikaonekana laki moja na kitu haijatolewa, ikazuiwa. Namba ya tapeli tukaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, tukatoka kwenda polisi kuchukua RB. Hatujafika simu yake ikaita, namba ngeni. "Shikamoo mama, tumepata taarifa kuna watu wamekutapeli wakijifanya wanarejesha fedha, sisi ndio tunaowafuatilia hao."