Hati ya Tabia Njema na Barua za Wadhamini: Anza na Majina, Polisi Wafuate

Kila msimu wa maombi ya leseni za taaluma unapofunguliwa, dirisha letu hapa Mwanza hupokea malalamiko ya aina moja: "Nimeleta kila kitu, mbona faili limerudi?" Nikilifungua faili hilo, mara nyingi kila kitu kimo kweli. Hati ya tabia njema ya polisi imo, barua za wadhamini zimo, barua ya Serikali ya Mtaa imo. Kasoro ni kwamba viliandaliwa kwa mpangilio usio sahihi, kwa hiyo kimoja kimeshapitwa na wakati huku kingine kikiwa na jina la mtu mwingine. Nitaeleza mpangilio unaofaa. Kila bodi ina orodha yake ya masharti, na makala haya hayachukui nafasi ya orodha hiyo.

Nichukue faili moja. Binti wa Ilemela alimaliza masomo ya uuguzi. Akawa anajitolea katika zahanati siku tatu kwa wiki, na siku nyingine anakata minofu ya sangara kiwandani. Mwezi wa Agosti alikwenda kuomba hati ya polisi kwa sababu aliambiwa ndiyo inayochelewa zaidi. Aliipata bila shida. Septemba akagundua kwamba kitambulisho chake cha Taifa kinasoma majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, na cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo halimo kwingine kokote. Kurekebisha hayo kulimchukua hadi Januari. Februari alipowasilisha faili, hati ya polisi ilikuwa na zaidi ya miezi sita, na bodi aliyoiomba haipokei iliyozidi miezi mitatu. Akaanza upya.

Naomba nilisisitize hili, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Hati ya polisi ina maisha mafupi. Inaeleza kumbukumbu zilivyokuwa siku ilipotolewa, haisemi lolote kuhusu siku iliyofuata, na ndiyo maana bodi huiwekea ukomo. Majina hayaozi. Basi anza na kisichooza.

Kaa mezani na vyeti vyako vyote na uandike majina kama yalivyo, herufi kwa herufi, cheti kimoja chini ya kingine. Angalia na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa kama ulivyosajiliwa. Ikianza na 19980714, ulisajiliwa kuwa umezaliwa tarehe 14 Julai 1998. Ikiwa cheti cha kuzaliwa kinasema Juni, usilipuuze. Afisa anayepitia faili lako analiona kabla hajafika ukurasa wa pili.

Tofauti ndogo, kwa mfano jina la kati lililofupishwa au "Masanja" lililoandikwa kwa "s" mbili mahali pamoja, kwa kawaida hutatuliwa kwa kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu, kinachotaja kila namna jina lilivyoandikwa na kila cheti lilipoonekana. Kiapo kinachosema tu "majina yote ni yangu" bila kutaja vyeti hakisaidii. Ukiwa umebadili jina lenyewe, kiapo hakitoshi. Inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, na ndipo uende NIDA kurekebisha kumbukumbu. Hatua hii ndiyo inayokula miezi, na hakuna afisa wa bodi anayeweza kuifupisha kwa simu. Tafadhali msituombe.

Majina yakikaa sawa, hesabu kurudi nyuma. Kama dirisha la maombi linafungwa tarehe 1 Machi na bodi yako inataka hati isiyozidi miezi mitatu, hati yenye tarehe ya kabla ya 1 Desemba haitafaa. Kinachohesabiwa ni siku faili lilipopokelewa. Siku ulipolituma haihesabiki. Kwa hiyo nenda polisi mapema Desemba, upate nafasi endapo vidole vitakataa.

Ndiyo, vidole hukataa. Binti yule aliporudi mara ya pili, alama zake hazikusomeka. Maombi haya yanakwenda na alama za vidole vyote kumi, kila kimoja kikizungushwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili, kisha vidole vya pamoja vikibanwa bapa. Alama hizo ndizo zinazolinganishwa na kumbukumbu za wahalifu. Jina peke yake halitoshi, maana mkoani kwetu watu wenye majina matatu yanayofanana ni wengi. Sasa mtu anayeshika barafu, magamba na maji yenye klorini kutwa nzima, mistari ya ncha za vidole vyake husagika. Ndivyo ilivyo pia kwa anayevuta nyavu, anayeanika dagaa, anayefyatua matofali na anayefua nguo kwa mikono kila siku. Kwenye karatasi, mahali pa mistari huonekana doa jeusi lisilo na umbo, au vipande vilivyokatika kama nyavu iliyochanika.

Habari njema ni kwamba mchoro wenyewe umejengwa kwenye ngozi ya ndani. Tabaka la juu likipumzishwa, mistari hurudi ileile. Jipe wiki mbili au tatu mbali na kazi inayosugua, au vaa glavu usiyoivua. Paka mafuta ya mgando kila usiku, lakini asubuhi ya kwenda polisi usipake chochote. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa. Kidole chenye mafuta au jasho huteleza na kuacha doa, na wapo wanaopaka mafuta mlangoni wakidhani wanasaidia. Kama una kidonda au kidole kimekatika, mwambie afisa aandike kwenye fomu, kwa sababu nafasi iliyoachwa tupu bila maelezo inarudisha fomu nzima.

Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12. Ukiambiwa utume fedha kwenye simu ya mtu, hayo si malipo ya Serikali, na stakabadhi haitakuwepo.

Kuna swali kwenye fomu za bodi nyingi ambalo watu hulijibu vibaya pande zote mbili: "Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai?" Wapo wanaoandika ndiyo kwa sababu waliwahi kulala mahabusu usiku mmoja kwa ugomvi wa mtaani na kuachiwa bila kesi. Huko si kutiwa hatiani. Hatia hutamkwa na mahakama. Na wapo wanaoandika hapana huku wakiwa wameshatiwa hatiani bila wao kuliona hivyo. Mwombaji mmoja kutoka visiwa vya ziwani alikuwa ameshtakiwa ujanani kwa kukutwa na kokoro, akakiri mbele ya hakimu, akalipa faini, akaondoka siku hiyohiyo. Kwenye fomu akaandika hapana. Alipoulizwa alisema, "Ile ilikuwa faini tu, sikufungwa." Uvuvi haramu ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ukikiri mbele ya hakimu na akakutia hatiani, umetiwa hatiani, hata kama adhabu ilikuwa faini na ulilipa papo hapo.

Kosa la kokoro la miaka mingi nyuma, kwa maoni yangu, lisingemnyima leseni. Bodi hupima aina ya kosa, umri wa mtu wakati ule, muda uliopita na uhusiano wa kosa na kazi anayoiomba. Kilichompeleka mbele ya kamati ni neno "hapana". Angeandika ndiyo, akaambatisha nakala ya hukumu, stakabadhi ya faini na maelezo ya nusu ukurasa, shauri lingeishia mezani kwetu. Mahakama hutoa nakala ya hukumu kwa maombi ya maandishi, nayo huchukua muda, hasa kesi ikiwa ya zamani. Iombe wakati uleule unaporekebisha majina.

Kuhusu hati ya kughushi niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu tunaiona. Kughushi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu ya jumla ni kifungo cha hadi miaka saba. Anayeiwasilisha akijua ni ya uongo ana kosa lake pia, hata kama aliyeichapa ni mwingine. Bodi haiishii kulikataa ombi: taarifa hupelekwa polisi, na ukishapewa leseni kwa hati hiyo, leseni hufutwa hata miaka mingi baadaye. Hati huhakikiwa kwa aliyeitoa. Msidhani tunaangalia muhuri kwa macho tu.

Sasa wadhamini. Neno hili linawatisha watu, kwani mdhamini wa mkopo hulipa deni. Mdhamini wa tabia halipi chochote. Anaeleza anachokijua kwa ukweli na kukubali kupigiwa simu. Mwelezeni hivyo mnapomwomba.

Binti yule mara ya kwanza alileta barua tatu: ya mwenyekiti wa mtaa, ya kiongozi wa dini na ya mwalimu wake wa zamani. Zote zilisema ni "muadilifu na mchapa kazi mwenye kujituma", maneno yaleyale, nafasi ileile ya ziada kabla ya nukta. Ziliandikwa steshenari moja, wenyewe wakasaini. Sina shaka walimfahamu na kumtakia mema. Lakini barua hizo hazikuniambia lolote kumhusu, na ilibidi nizirudishe.

Mara ya pili muuguzi kiongozi wa zahanati alimwandikia kwa mkono wake. Alisema amemfahamu kwa miezi 14, kwamba kwa miezi minane ndiye aliyeshika funguo za kabati la dawa siku zake za zamu, na kwamba hesabu ya kila Ijumaa haikuwahi kupungua. Akaeleza pia kwamba aliwahi kuchelewa mara mbili kwa sababu ya zamu za kiwandani, akaonywa, akajirekebisha. Barua hiyo ilikuwa na tarehe, jina kamili, cheo, namba ya usajili wake na simu inayopatikana. Ile sentensi ya kuchelewa ndiyo iliyonifanya niiamini ile ya funguo.

Mdhamini asiwe ndugu yako, na awe amekuona ukifanya kazi. Barua ya Serikali ya Mtaa inathibitisha unapoishi. Haichukui nafasi ya barua ya mdhamini, wala ya hati ya polisi. Mwambie mdhamini mapema kwamba atapigiwa na namba asiyoijua. Mmoja tulimtafuta siku nne, kumbe yuko kisiwani Ukara kwenye msiba, simu imezimwa. Faili likakaa.

Binti yule aliwasilisha tena wiki ya pili ya Januari iliyofuata. Hati ya polisi ilikuwa na siku 19, kiapo cha majina kilitaja vyeti vyote vitatu, na muuguzi kiongozi alipokea simu mlio wa pili.