Faili limefunikwa kwenye Google Drive? Usianzie kwenye pipa la taka

Mfano tutakaoufuata ni wa mweka hazina wa kikundi cha akiba. Anatunza faili la Excel, `Bajeti.xlsx`, kwenye Google Drive, na asubuhi moja analifungua na kukuta mistari yote ya mwezi Machi haipo.

Dhana: Faili lililoharibika litakuwa kwenye pipa la taka

Pipa la taka, linaloandikwa `Trash` au `Bin` kutegemea akaunti, hupokea faili lililofutwa zima. Mtu akifuta mistari ndani ya faili kisha akahifadhi, hakuna faili lililofutwa. Lipo palepale, ila yaliyomo yamebadilika. Ni hivyo pia mtu akipakia faili lenye jina lilelile na kukubali, Drive inapomuuliza, kwamba libadilishe lililopo. La zamani linabaki chini ya jipya kama toleo lililopita.

Kwa hiyo mweka hazina wetu afungue `drive.google.com` kwenye kompyuta, abofye faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague `File information`, kisha `Manage versions`. Ataona orodha ya matoleo, kila moja na tarehe yake. Kwenye toleo la kabla ya uharibifu abofye vitone vitatu, kisha `Download`. Alifungue kwanza na kuhakiki kwamba Machi imo. Akiridhika, arudi kwenye dirisha lilelile na kulipakia kwa `Upload new version`. Hatua hii ya mwisho ina maana kubwa: wanachama wataendelea kutumia kiungo kilekile walichopewa. Akilipakia kama faili jingine pembeni, wao wataendelea kusoma lile bovu.

Dhana: Orodha ikionyesha toleo moja tu, kazi imepotea

Huenda kuna jambo jingine, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Drive haitambui faili kwa jina. Kila faili lina kitambulisho chake. Mtu akifuta `Bajeti.xlsx` kisha akapakia nyingine yenye jina hilohilo, hilo ni faili jipya lisilo na historia yoyote. Historia imeondoka na lile la kwanza, nalo liko kwenye `Trash`. Lirudishe kwa `Restore`, na matoleo yake yatarudi pamoja nalo.

Kunakili nako ni vivyo hivyo: nakala haichukui historia ya faili la asili. Usifute la asili kwa kuamini kwamba nakala inatosha.

Dhana: Matoleo hukaa milele

Kwa mafaili ya Excel, Word, PDF na picha, toleo la zamani linaweza kufutwa baada ya siku 30, au mapema zaidi yakishafika matoleo 100. Faili linalohifadhiwa mara nyingi kwa siku laweza kufikisha 100 kabla ya mwezi kuisha. Toleo unalolihitaji, kama hesabu za mwisho wa mwaka, liwekee alama ya `Keep forever` kwenye vitone vilevile vitatu. Kikomo ni matoleo 200 kwa faili moja.

Pipa la taka nalo hujimwaga: kilichokaa siku 30 hufutwa moja kwa moja. Watu wengi hawaifikii hata hiyo siku ya 30, kwa sababu nafasi ya GB 15 ikijaa wanabofya `Empty trash` bila kutazama kilichomo. Tazama kwanza.

Dhana: Kurudisha toleo la zamani hufuta kazi ya baadaye

Hofu hii hasa huwapata wanaotumia Google Docs na Sheets. Kule njia ni `File`, `Version history`, `See version history`, kisha `Restore this version`. Toleo lililorudishwa huwekwa juu, na yale ya baadaye hubaki kwenye orodha. Ukitaka mistari michache tu, chagua `Make a copy` kwenye toleo hilo, unakili unachohitaji, na kazi ya wenzako isiguswe. Ila mwenye ruhusa ya kusoma tu hataiona historia. Ni lazima awe na ruhusa ya kuhariri.

Dhana: Faili halipo kwenye folda wala kwenye pipa, basi limefutwa kabisa

Ikiwa folda ni ya mtu mwingine naye akaifuta, faili lako lililokuwa ndani linaweza kubaki hai bila folda. Andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia cha Drive:

```
is:unorganized owner:me
```

Kama mmiliki wa faili ni mwingine na ndiye aliyelifuta, pipa lako halitakuwa nalo. Liko kwenye pipa lake, na yeye ndiye wa kuombwa alirudishe kabla siku 30 hazijaisha. Kwenye akaunti za Google Workspace za ofisi au shule, hata pipa likishamwagwa, msimamizi wa akaunti bado ana siku 25 za kulirudisha kupitia dashibodi yake. Mpe barua pepe ya mmiliki na tarehe ambayo faili lilifutwa.