Kifungo pweke cha kaboni si pikomita 154 kila mahali

Dhana hii imerudi tena, safari hii kwenye majibu ya mtihani wa majaribio wa kidato cha sita: kifungo pweke kati ya kaboni mbili kina urefu wa pikomita 154, popote kilipo, na kinachofupisha vifungo ni pai peke yake, yaani vile vifungo vya ziada vinavyofanya kifungo kiwe maradufu au cha utatu. Mwanafunzi anachora asetonitrili, CH₃CN, anaandika 116 kwenye kifungo cha utatu cha kaboni na nitrojeni, na hapo yuko sahihi. Kisha anaandika 154 kwenye kifungo kilicho kati ya kaboni mbili. Kipimo halisi ni 146. Amekosea kwa pikomita 8, na kosa hilo halitokani na kusahau namba. Linatokana na kutoelewa haibridi, yaani mchanganyiko wa obiti za s na p, inafanya nini.

Obiti ya s imekaa karibu na kiini kuliko obiti ya p ya ngazi ileile. Ukizichanganya, haibridi inayopatikana inakuwa fupi kadiri s ilivyo nyingi ndani yake. Katika sp³ sehemu ya s ni asilimia 25, katika sp² ni 33, na katika sp ni 50. Basi kaboni ya sp inamvuta jirani wake karibu zaidi kwenye kila kifungo cha sigma inachofunga, hata kama upande huo hauna pai kabisa. Ndicho kinachotokea upande wa methili wa asetonitrili.

Asiyeamini aangalie kaboni na hidrojeni. Hidrojeni haina obiti ya p ya kufungia pai, kwa hiyo pai haiwezi kusingiziwa. Katika ethani kifungo hicho ni kama pikomita 109, katika etheni kama 108.5, katika ethaini 106. Kinafupika kila s inapoongezeka.

Kwa hesabu za darasani ninashauri kila mara njia hii: ipe kaboni nusu yake ya urefu kulingana na haibridi yake. Kaboni ya sp³ ipe 77, ya sp² ipe 74, ya sp ipe 69. Jumlisha nusu mbili, utapata kifungo cha sigma kikiwa peke yake. Ethani ni 77 na 77, jumla 154. Kifungo pweke cha propeni ni 77 na 74, jumla 151, na kipimo ni karibu 150. Cha propaini ni 77 na 69, jumla 146, sawasawa na kipimo. Cha asetonitrili kinatoka vilevile, kwa sababu kaboni ya nitrili nayo ni sp.

Njia hiyohiyo inakuonyesha pai inachangia kiasi gani. Etheni ingekuwa na sigma tu kati ya kaboni zake, ungetegemea 148. Kipimo ni 134. Kwa hiyo kati ya pikomita 20 zilizopungua kutoka ethani, kama 6 ni za haibridi na 14 ni za pai. Katika ethaini sigma peke yake ingekuwa 138, na kipimo ni 120. Hapo haibridi imechukua 16 na pai mbili zimechukua 18, karibu nusu kwa nusu. Huu ni mgawanyo wa kukadiria tu, maana katika molekuli halisi mambo hayo mawili hayatengani. Lakini unatosha kuonyesha kwa nini jibu la “pai ndiyo inafupisha” linaacha nje nusu ya maelezo.

Sehemu ya lawama iko kwenye vifaa vya plastiki vya kujengea molekuli. Kijiti kimoja cha urefu uleule kinatumika kwa kila kifungo pweke, na jicho linazoea. Ukijenga kwa vijiti vya meno na udongo wa mfinyanzi, kata vijiti kwa kipimo cha milimita 1 kwa kila pikomita 4. Ethani itachukua kijiti cha milimita 38.5, na kifungo pweke cha asetonitrili 36.5. Tofauti ya milimita 2 inaonekana ukivilaza viwili hivyo sambamba.

Kuna kosa jingine: kuandika nyuzi 120 kwa kila pembe ya etheni. Nyuzi 120 ni pembe ya sp² ambayo s imegawanywa sawa kwa haibridi zote tatu. Kwenye etheni haikugawanywa sawa, kwa kuwa majirani hawafanani: hidrojeni mbili na kaboni moja. Pembe kati ya hidrojeni mbili ni kama nyuzi 117.4, na pembe ya hidrojeni na kaboni ni kama 121.3. Kwa haibridi mbili zinazofanana, pembe na sehemu ya s vinahusiana hivi:

```
cos θ = s / (s − 1)
```

Weka s = 0.25 utapata nyuzi 109.5. Weka 0.5 utapata 180. Sasa rudi nyuma kutoka 117.4: kosaini yake ni −0.46, na s inatoka 0.315. Haibridi mbili zinazoelekea hidrojeni zimechukua 0.63, na inayoelekea kaboni imebaki na 0.37. Mtahini akitaka 120 mpe, lakini andika “takriban”.

Dhana kwamba kifungo cha utatu kina nguvu mara tatu ya kifungo pweke haihitaji maneno mengi: pai ya kaboni kwa kaboni ni dhaifu kuliko sigma yake, kwa hiyo huwezi kuzidisha kwa tatu. Na jozi huru ya nitrojeni ya nitrili haimo kwenye obiti ya p. Imo kwenye haibridi ya sp, inatazama upande wa pili kutoka kwa kaboni, na kwa sababu ina s nyingi imeshikwa sana na kiini. Ndiyo maana nitrili ni besi dhaifu mno ikilinganishwa na amini.

La mwisho ni kusema nitrili yote imenyooka kwa nyuzi 180. Kilichonyooka ni mstari wa kaboni, kaboni na nitrojeni tu. Mfano uko shambani: muhogo una linamarini, ambayo ni nitrili. Kaboni iliyobeba kundi la CN ndani yake ina vifungo vinne pweke: methili mbili, oksijeni ya sukari, na CN yenyewe. Hiyo ni sp³, na pembe zake ziko karibu na 109.5, ingawa jirani yake ni sp.

Muhogo ukikwanguliwa, kimeng'enya kinaikata sukari na kubakiza asetoni sianohidrini, ambayo huvunjika kuwa asetoni na HCN. Fuatilia kaboni ileile. Imepoteza CN, imefunga kifungo maradufu na oksijeni, imekuwa sp². Pembe kati ya methili zake mbili, iliyokuwa karibu na 110, sasa imefunguka hadi kama nyuzi 117. Kaboni ya CN haikubadili haibridi: ilikuwa sp ndani ya linamarini na ni sp ndani ya HCN, na kifungo chake na nitrojeni kimebaki karibu na pikomita 116.